Barua ya betri: kwa nini tuliacha kukarabati, tukanunua mpya

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha afya kilicho kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, mahali ambapo mgonjwa wa rufaa husafirishwa kwa boti. Majina ya kijiji, ya kituo na ya wahusika wote nimeyaondoa. Mimi ndiye fundi niliyeandika barua inayozungumzwa, kwa hiyo makosa mtakayoyaona humu mengi ni yangu.

## Hali ilivyokuwa

Umeme wa gridi haujafika. Kituo kinategemea sola iliyofungwa miaka saba kabla ya kisa hiki: paneli nane juu ya paa, inveta moja, na betri nane za maji za volti 12, kila moja ya ampea 200. Zimefungwa mbilimbili ili kupata volti 24, kisha jozi hizo nne zikaunganishwa pamoja. Zikiwa mpya zinabeba uniti 19 hivi, ingawa betri ya aina hii ikitumiwa zaidi ya nusu kila usiku haidumu. Kwa hiyo za kutumia kwa amani ni uniti tisa na nusu.

Mfumo huu unawasha taa za leba na wodi, friji ndogo ya maabara, kompyuta ya mapokezi na mashine ya oksijeni. Friji ya chanjo haimo. Hiyo ina paneli yake na inatumia jua moja kwa moja bila betri hizi. Mtaona baadaye kwa nini nalitaja jambo hili mapema.

Katika miezi 26 iliyotangulia, benki hii ya betri ilikuwa imekarabatiwa mara tatu. Mara ya kwanza zilinunuliwa betri mbili mpya, moja ikaingizwa jozi ya pili na nyingine jozi ya nne, kila moja kando ya betri kuukuu. Hiyo iligharimu 1,240,000 pamoja na usafiri. Mara ya pili aliletwa fundi kutoka mjini aliyesema anajua kufufua betri. Alijaza maji, akaongeza asidi, akazichaji kwa nguvu siku mbili, akalipwa 350,000. Mara ya tatu tulibadilisha nyaya na vichwa vya betri kwa 270,000, na mtu mmoja akashusha kiwango ambacho inveta hujizima, kutoka volti 23 hadi 21, ili taa zisikatike mapema. Mtu huyo ni mimi.

## Malalamiko

Taa zilikuwa zinazimika usiku, lakini si kila usiku. Sista wa zamu aliniambia jambo ambalo wengine walikuwa wanalipita: "Fundi, zinazimika usiku ule tuliomwekea mtoto oksijeni. Tusipoiwasha, tunafika asubuhi." Kwa sababu hiyo kituo kizima kiliamini mashine ya oksijeni ni mbovu na inakula umeme kupita kiasi. Kulikuwa na maombi yaliyokwishaandikwa ya kuipeleka mkoani.

Niliipima. Ilikuwa inavuta wati 350, kawaida kabisa kwa mashine ya lita tano. Nikapiga hesabu ya usiku mzima. Taa 15 za wati 9 kwa saa 12 zinakula uniti 1.6. Friji ya maabara nusu uniti, kompyuta na kuchaji simu ya kituo 0.3. Jumla 2.4. Mashine ya oksijeni ikifanya kazi saa sita inaongeza 2.1, na usiku unakuwa wa uniti 4.5. Benki yenye afya ingebeba mzigo huo bila hata kuhema. Kama usiku wa 2.4 unapita na wa 4.5 haupiti, basi kilichobaki ndani ya betri kiko katikati ya namba hizo mbili, na mashine ya oksijeni haina kosa.

## Kupima bila kudanganywa

Hapa ndipo penye somo kubwa la kisa hiki. Vipimo vya haraka vilikuwa vinasema betri ni nzima. Asubuhi, baada ya kupumzika, kila moja ilisoma volti 12.6 au zaidi. Haidromita nayo ilionyesha asidi ya 1.250 hadi 1.280, namba za betri iliyojaa. Mganga Mfawidhi aliziona namba hizo katika daftari la fundi wa mjini, na alikuwa na haki ya kuniuliza ninataka nini zaidi.

Tatizo ni ile asidi iliyoongezwa. Betri inapochoka, sehemu ya asidi yake inageuka salfeti ngumu iliyoganda kwenye pleti na haitoki tena. Haidromita husoma maji yaliyo juu, haisomi pleti. Ukimimina asidi mpya, namba inapanda papo hapo na pleti zinabaki mfu vilevile. Ni kama kuweka maji ya kunde kwenye sufuria tupu: mvuke utauona, chakula hakuna. Volti nayo hueleza betri imejaa kiasi gani, haielezi chombo chenyewe kimebaki na ukubwa gani. Kikombe kilichojaa na pipa lililojaa vyote vimejaa.

Kipimo kisichodanganyika ni kuitoa betri peke yake, kuichaji mpaka ijae, kuilaza usiku mmoja, kisha kuipa mzigo unaojulikana na kuhesabu saa mpaka ifike volti 10.5. Sikuwa na mashine ya kazi hiyo. Nilichukua balbu mbili za taa ya mbele ya gari, za wati 55 kila moja, nikazifunga kwenye kipande cha ubao pamoja na swichi. Zinavuta ampea 9 hivi. Betri mpya ya ampea 200 inapaswa kuziwasha kwa saa 22. Swichi ni muhimu: usichomoe waya kwenye betri iliyotoka kuchajiwa, maana gesi yake hulipuka kwa cheche ndogo. Milango ya stoo niliiacha wazi, na balbu zilitoa joto kiasi kwamba mhudumu mmoja aliuliza kama nimeanza kulea vifaranga.

Nilitoa jozi moja baada ya nyingine ili kituo kisikose umeme, nikamaliza zote nane kwa siku sita. Matokeo kwa saa:

Jozi ya kwanza, 5 na 7. Jozi ya pili, 1 na 11. Jozi ya tatu, 6 na 4. Jozi ya nne, 8 na 12.

Ile ya saa moja sitaisahau. Ilianza na volti 12.6 kama wenzake. Baada ya dakika arobaini nilifungua vifuniko nikamulika tochi: matundu matano yametulia, la tatu kutoka kushoto linachemka kama uji. Seli hiyo ilikuwa imekwisha, na zile nyingine zilikuwa zinaisukumia umeme kinyume.

Katika jozi, betri dhaifu ndiyo inayoamua. Kwa hiyo unajumlisha zile dhaifu tu: 5, 1, 4 na 8, jumla saa 18 za ampea 9. Hizo ni ampea-saa 162 kati ya 800. Kwa uniti ni 3.9, na inveta ikishakula sehemu yake zinabaki 3.5. Iko palepale sista alipopaona bila kipimo chochote: juu ya 2.4, chini ya 4.5.

Lakini namba iliyobadilisha mawazo yangu ni 11 na 12. Hizo ndizo betri mbili "mpya", zenye miezi 14. Zilikuwa zimebaki na nusu. Moja ilifungwa na betri yenye seli mfu: wakati wa kuchaji, volti ambazo seli ile haikuzichukua zilimwendea mwenzake, akapikwa kila mchana. Nyingine ilifungwa na mzee wa miaka saba na kuburutwa chini kila usiku. Na mimi nilikuwa nimeshusha kiwango cha inveta hadi volti 21, nikairuhusu benki nzima kukamuliwa zaidi.

## Barua ya kwanza, iliyorudishwa

Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa ukarabati wa nne: betri mbili nyingine, 1,300,000. Niliandika barua ya kurasa tatu kupinga. Ilikuwa na jedwali la volti, maelezo ya salfeti, na hitimisho kwamba betri zote zibadilishwe "kwa kuwa ni chakavu".

Mganga Mfawidhi alinirudishia siku hiyohiyo. "Fundi, hapa kila kitu ni chakavu, hata kitanda ninachopimia wagonjwa. Kamati itaniuliza kwa nini nianze na betri. Barua yako haijanipa jibu."

Mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa kituo, mzee mwenye nia njema kabisa, alinishauri njia ya mkato: "Mwanangu, weka na chanjo humo. Andika zitaharibika, pesa itatoka upesi." Nikamwambia, "Mzee, friji ya chanjo haitumii betri hizi. Mratibu wa chanjo wa wilaya anajua, na akisoma barua hiyo hataamini hata yale ya kweli." Alicheka, akasema basi niandike ya kweli lakini kwa ufupi.

## Barua ya pili

Hii ilikuwa ukurasa mmoja. Sehemu yake kuu ilisomeka hivi:

"YAH: USHAURI WA KUBADILISHA BENKI YA BETRI BADALA YA KUIKARABATI MARA YA NNE

Mada ya hapo juu yahusika.

Usiku ambao mashine ya oksijeni inafanya kazi saa sita, taa za leba zitazimika kabla ya alfajiri. Kununua betri mbili hakutaliondoa tatizo hili kwa muda mrefu. Betri mbili tulizonunua miezi 14 iliyopita nimezipima, zimebaki na nusu ya uwezo wake, kwa sababu zilifungwa pamoja na betri zilizokwisha. Mbili tutakazonunua sasa zitapita njia hiyohiyo.

Ukarabati wa miezi 26 umetugharimu 1,860,000, yaani karibu 860,000 kwa mwaka. Benki mpya ya betri sita itagharimu 4,500,000 pamoja na nyaya, fyuzi na usafiri. Ikitunzwa ikadumu miaka mitano, ni 900,000 kwa mwaka. Sisemi kwamba kubadilisha ni rahisi zaidi. Nasema fedha ni karibu zilezile, tofauti ni kwamba tutakuwa na taa.

Mimi mwenyewe nilishusha kiwango cha inveta wakati wa ukarabati wa tatu. Jambo hilo liliharakisha uharibifu. Nimelirekebisha."

Kuhusu idadi, niliomba sita badala ya nane. Usiku mbaya kabisa, oksijeni ikiwashwa saa zote 12, unahitaji uniti 6.6, na ukiongeza hasara ya inveta ni 7.3. Betri sita zina uniti 14.4, nusu yake 7.2. Zinakaribia kutosha hata usiku huo, na jozi tatu huchajika kwa usawa kuliko nne. Nilijadili pia betri za lithiamu katika kiambatisho kifupi. Zingefaa, ila chaji kontrola yetu haina mpangilio wake, ingebidi nayo ibadilishwe, na bei ingepita kile kamati inachoweza kupitisha kwa mara moja.

Ile aya ya kukiri kosa niliifikiria usiku mzima kabla ya kuiacha. Baadaye Mganga Mfawidhi aliniambia ndiyo iliyomfanya aamini namba nyingine.

## Kosa la kuponya mapema

Wakati barua inasubiri kikao, wajawazito hawasubiri. Nilizipanga upya betri zilezile kwa kufananisha: 11 na 12 pamoja, 8 na 7, 6 na 5. Zile za saa 4 na saa 1 nikaziweka kando. Sasa dhaifu za kila jozi zilikuwa 11, 7 na 5, jumla 23 badala ya 18. Bila kununua hata skrubu tulipata ampea-saa 207 kutoka 162, uniti 4.5 hivi baada ya inveta. Kiwango cha inveta niliahidi kukirudisha 23, na nilikirudisha, lakini baada ya usiku mmoja wa giza leba nilikiachia 22. Kwa hiyo neno "nimelirekebisha" katika barua lilikuwa kweli nusu.

Taa zikafika asubuhi, hata usiku wa oksijeni. Kikao kilipokaa, mjumbe mmoja aliuliza swali la haki: "Kama fundi amezitengeneza bila hela, hizo milioni nne na nusu za nini?" Sikuwa nimeandika popote kwamba upangaji ule ni wa muda na kwamba kila usiku unazikamua betri mpaka mwisho. Nilieleza kwa mdomo, lakini kikao huamua kwa karatasi. Jambo likasogezwa robo ya mwaka iliyofuata.

Wiki ya tisa taa zikaanza tena kuzimika. Kamati ilipitisha betri sita.

## Matokeo

Betri zilikuja kwa boti la mbao, zikiwa zimesimama wima na kufungwa kwa kamba, asidi ikiwa kwenye madumu yake. Nilizifunga zote sita siku moja, kila jozi na fyuzi yake, nyaya za urefu sawa, inveta kwenye volti 23. Stoo iliyokuwa ikifika nyuzi 36 mchana tuliitoboa matundu ya hewa juu na chini, kwa sababu betri hizi maisha yake hupungua kwa karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25.

Miezi miwili hakuna aliyelalamika. Msimu wa mvua ulipoanza, taa zikazimika saa kumi usiku. Ilikuwa aibu, na wapo waliosema afadhali zile za zamani. Nilipopanda juu ya paa saa nne asubuhi niliona jibu: mwembe wa jirani, uliokuwa mche wakati sola inafungwa, ulikuwa umetia kivuli paneli tatu kati ya nane. Zamani tatizo hili halikuonekana kwa kuwa betri zilizokwisha hujaa haraka, hata jua likiwa dogo. Mpya zina tumbo kubwa. Mwenyekiti alizungumza na mwenye mwembe, matawi mawili yakakatwa, naye akapewa kuni na ruhusa ya kupanda paa msimu wa maembe. Baada ya hapo betri zilijaa kufikia saa nane mchana siku za jua.

Mwaka ulipotimia nilirudia kipimo cha balbu kwa jozi moja. Saa 21 na saa 20 na nusu.

## Kilichofaulu na kilichoshindwa

Kipimo cha saa ndicho kilichoibeba barua. Bila ule mstari wa betri za miezi 14, ningekuwa fundi mwingine anayeomba vitu vipya. Kamati haikuhitaji kuelewa salfeti. Ilihitaji kuona kwamba ile pesa yake ya mwisho imeliwa na betri kuukuu, na hilo kila mjumbe alilielewa.

Nililoshindwa la kwanza ni kupima betri bila kupima zinakopata chakula. Nilikuwa na maltimita mkononi na ngazi ukutani. Nusu saa juu ya paa ingeniokoa ile lawama ya masika. La pili ni matengenezo ya muda ambayo sikuyaandikia mwisho wake. Ningeandika kwamba "upangaji huu utatufikisha wiki chache tu, na utakapofeli utafeli ghafla", robo nzima isingepotea.

La tatu linaniuma zaidi. Barua yangu haikusema neno juu ya betri nane za zamani. Tulizipanga nyuma ya stoo zikisubiri taratibu za kufuta mali ya serikali, na asubuhi moja tukakuta saba. Mwenyekiti alizunguka kijijini akaikuta ya nane mwaloni, imepasuliwa kwa shoka kando ya mitumbwi, mtu akitaka madini ya risasi yaliyo ndani yake ya kuyeyusha kwa ajili ya vizito vya nyavu, na watoto wamemzunguka wakitazama. Huko Dakar, kati ya mwishoni mwa 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi katika mtaa mmoja ambako mabaki ya betri yalikuwa yanachambuliwa. Tulikusanya vipande vyote, tukachota na udongo wa juu pale betri ilipopasuliwa, tukafungia kwenye pipa. Saba zilizobaki zilihamishiwa chumba chenye kufuli mpaka alipopatikana mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi, aliyezichukua kwa boti lilelile lililokuwa limeleta mpya.